Barua ya wazi kwa viongozi wa vikundi Nyakunguru: ukurasa hauna kufuli tatu

Kwa wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya Nyakunguru, Tarime, na wenzenu wa ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti.

YAH: NANI ANASHIKA UKURASA WA KIKUNDI

Ndugu viongozi, wazee wangu na mama zangu,

Mwaka jana, Jumatatu moja saa moja kasoro asubuhi, nilipigiwa simu na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaosaga unga wa ulezi, mtama na udaga. Wanaufunga kwenye mifuko ya kilo 2 na kilo 5, na wateja wao wa Musoma na Mwanza huagiza kupitia ukurasa wa kikundi wa Facebook. Mama yule hakupiga salamu ndefu. "Mwanangu," aliniambia, "ukurasa tunauona, lakini wenyewe hautuoni."

Nikaufungua kwenye simu yangu. Picha za mifuko ya unga zilikuwepo, na jina la kikundi lilikuwepo. Ila namba ya simu iliyokuwa juu ya ukurasa, ile ya mweka hazina, ilikuwa imetolewa, na mahali pake pamewekwa namba ya kijana aliyekuwa akiwapostia. Kijana huyo alikuwa ameacha kazi Ijumaa. Mwenyekiti alikuwa akiutazama ukurasa kama mteja yeyote anavyoutazama: hana kitufe cha kuposti, haoni ujumbe wa wateja, hana hata njia ya kuuliza nani amemtoa. Siku hiyohiyo mteja mmoja alituma hela ya mifuko 10 kwa namba mpya, akitegemea mzigo uingie kwenye gari la jioni.

Nawaandikia kwa sababu kosa la kwanza lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyewashauri wakati ukurasa unafunguliwa. Niliwaambia: fanyeni kama sanduku lenu la akiba. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zake wanashika watu watatu, hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Basi wekeni watu watatu kwenye ukurasa, mwenyekiti, mweka hazina na kijana, wote wenye mamlaka kamili. Walifurahi, na mimi nilijiona nimefikiri vizuri. Nimeshawapa vikundi vingine ushauri huohuo, vingine viko hapo kwenu, na ndiyo maana sikutaka kulisema hili kimyakimya kwa simu moja moja.

Kwenye sanduku, funguo tatu zinafanya kazi pamoja. Ukikosa mmoja, kikao kinaahirishwa. Kwenye ukurasa wa Facebook, kila ufunguo unafungua peke yake. Watu watatu wenye mamlaka kamili hawafanani na sanduku lenye kufuli tatu. Wanafanana na sanduku lenye kufuli moja na funguo tatu za kuchongesha, na yeyote kati yao anaweza kuwafungia nje wengine wawili. Facebook haijali nani aliufungua ukurasa, nani ni mwenyekiti, wala nani alinunua bando. Mwenye mamlaka kamili aliyeongezwa jana anaweza kumtoa aliyeuanzisha miaka 6 iliyopita. Kijana wetu hakuvunja kitu chochote. Aliingia kwa nenosiri lake mwenyewe, akagusa jina la mwenyekiti, akalitoa, akagusa la mweka hazina, akalitoa. Ni kazi ya dakika mbili.

Kwa hiyo naomba muutazame ukurasa wenu leo, kabla hakujawa na ugomvi na mtu yeyote. Ingieni kwenye ukurasa kama ukurasa, yaani mbadilishe kutoka akaunti binafsi, kisha mfungue Settings, halafu Page setup, halafu Page access. Hapo mtakuta orodha ya watu chini ya maneno People with Facebook access, na mbele ya kila jina imeandikwa ana uwezo gani. Aliye na Full control anaweza kila kitu: kuongeza watu, kutoa watu, kubadili jina na namba ya simu, hata kuufuta ukurasa wenyewe. Aliye na Partial access anaweza kuposti, kujibu wateja, kulipia matangazo na kuangalia takwimu, lakini hawezi kumgusa mwenzake kwenye orodha. Hayo ya pili ndiyo yote anayoyahitaji kijana wa kuposti. Sijawahi kukutana na kazi ya siku kwa siku ya kikundi cha unga, cha nyuki au cha bustani iliyohitaji zaidi ya hapo.

Mkimwongeza mtu, simu itawaonyesha swichi yenye maneno Allow this person to have full control. Yenyewe huja ikiwa imezimwa. Iacheni hivyo. Wengi huiwasha kwa sababu mtaalamu aliyekaa pembeni anasema bila hiyo hataweza kufanya kazi vizuri. Mwambieni aanze kazi, na siku akikwama aje aonyeshe mbele yenu ni kitufe gani kilichomkataa.

Mamlaka kamili yabaki kwa watu wawili, na wote wawili wawe viongozi ambao hawaposti. Kwa nini wawili? Mmoja akipoteza simu mtoni, akiibiwa akaunti yake au akifariki, asiwe ameuchukua ukurasa pamoja naye. Kwa nini wasiwe watano? Kwa sababu kila anayeongezwa ni ufunguo mwingine unaofungua peke yake, na mwizi wa akaunti anahitaji kumpata mmoja tu, yule ambaye nenosiri lake ni namba yake ya simu. Hata wawili hawa bado kila mmoja anaweza kumtoa mwenzake. Sitawadanganya kwamba kuna njia ya kulikwepa hilo ndani ya ukurasa wenyewe, hakuna. Tunachofanya ni kuchagua watu ambao kikundi kingewakabidhi sanduku usiku kucha, na kuhakikisha hawatoki familia moja.

Hapa lipo jambo ambalo linaleta ubishi kila ninapolisema. Mwenyekiti mwingine atasema hana simu kubwa, au hana akaunti ya Facebook, kwa hiyo tumfungulie akaunti yenye jina la kikundi, "Ofisi Kikundi" au kitu kama hicho, iwe ndiyo mshika ufunguo. Msifanye hivyo. Akaunti binafsi ya Facebook ni ya mtu mmoja halisi kwa jina lake halisi, ndiyo masharti yao. Siku mfumo ukiishuku akaunti ile, utaomba kitambulisho chenye jina hilo, na hakuna kitambulisho cha NIDA kilichoandikwa Ofisi Kikundi. Akaunti inafungwa, na kama ndiyo iliyokuwa na mamlaka, ukurasa unabaki bila mwenyewe. Kiongozi asiye na simu kubwa asilazimishwe, achaguliwe mwingine anayeitumia tayari. Na wale ambao "ukurasa" wao kumbe ni akaunti binafsi iliyopewa jina la duka, ile inayopokea maombi ya urafiki na kugota kwenye marafiki 5,000, wajue kwamba hiyo haina ngazi za mamlaka kabisa. Kuna nenosiri moja, anayelijua ndiye mwenyewe. Hao waanze ukurasa wa kweli na kuwahamisha wateja taratibu, wakiposti kote kuwili kwa miezi miwili mitatu.

Sasa nije kwenye hatua ya pili, ambayo kikundi kile hakikuwa nayo na ingewaokoa.

Nyie ni watu wa ng'ombe, kwa hiyo nitalieleza kwa ng'ombe. Mchungaji anaondoka na kundi alfajiri, anajua majina yao kuliko mwenye boma, lakini alama iliyo kwenye ng'ombe si yake. Ukurasa wa Facebook ukiwa peke yake ni ng'ombe asiye na alama: wa aliyemshika kamba. Mahali pa kumpigia alama panaitwa business portfolio, na panafunguliwa kwenye business.facebook.com. Hilo ni kama boma la kikundi. Ndani yake mnaandika ukurasa, akaunti ya Instagram na akaunti ya matangazo, na ukurasa ukishaandikwa kwenye boma moja kama mali yake, boma lingine haliwezi kuuandika tena mpaka la kwanza liuachie. Boma nalo linahitaji wenye mamlaka kamili wawili, viongozi walewale wawili.

Kijana au mtaalamu wa nje hapewi umiliki wa boma. Kama ni mwajiriwa wenu, anaongezwa ndani kwa uwezo mdogo na kupewa kazi za ukurasa tu. Kama ni mtu anayehudumia kurasa za watu wengi na ana boma lake mwenyewe, anaunganishwa kupitia sehemu inayoitwa Partners, kwa kuandika namba ya boma lake. Yeye anafanya kazi kutoka kwake, mali inabaki kwenu, na siku mkiachana mnakata uzi mmoja badala ya kutafuta watu wake wanne waliokuwa wakijibu wateja.

Ugomvi mbaya zaidi niliouona unaanzia hapahapa, na hauna kelele. Mtaalamu anaombwa "aweke ukurasa sawa kwa ajili ya matangazo". Anauingiza kwenye boma lake kama mali yake, kwa sababu ni rahisi na hakuna anayeuliza. Miaka miwili kila kitu kinakwenda vizuri. Mnakuja kumpa mwingine kazi, na ndipo mnagundua ng'ombe ana alama ya mchungaji. Kujua kama hili limewapata ni rahisi: fungueni boma lenu, mjaribu kuudai ukurasa. Ukikubali, tayari mmeshaufanya wenu. Ukikataa na kuwaambia una mwenyewe mwingine, mnajua pa kuanzia, na ni afadhali mjue leo mkiwa bado mnaelewana na mtaalamu huyo. Mwombeni auachie, mbele ya mashahidi, naye mmpe kazi kwa njia ya Partners. Wengi huachia bila shida, kwa sababu hawakuwa na nia mbaya, walikuwa na haraka.

Wale wenye kambi na nyumba za wageni upande wa Serengeti wanategemea zaidi alama yao kwenye ramani ya Google kuliko Facebook, nao wana utaratibu tofauti kidogo. Huko yupo mwenyewe mkuu, Primary owner, na hawezi kutolewa na wengine mpaka mwenyewe ahamishe umiliki. Hilo ni jema kama mkuu ni ninyi, na ni baya sana kama mkuu ni kijana aliyewapigia picha na kuwawekea alama mwaka wa kwanza. Mkiomba umiliki kwa njia ya kawaida, aliyepo anapewa siku 3 kujibu, na mwenyewe mpya hukaa siku 7 kabla ya kuruhusiwa kuwatoa wengine. Msishtuke kwa kungoja huko.

Baada ya mamlaka na boma, kuna laini ya simu. Hapa ndipo naomba mnisikilize hata kama mengine mmeyachoka, maana ukurasa, barua pepe ya kikundi na WhatsApp vyote vinarudi kwenye namba moja inayopokea ujumbe wa uthibitisho.

Namba ya kikundi kile ilisajiliwa kwa kidole cha kijana. Alikuwa ametumwa mnadani akanunue laini, akanunua, akaweka kidole chake kwa wakala kama sheria inavyotaka. Hakuna aliyefikiria. Lakini tangu usajili wa alama za vidole ulipofungwa mwaka 2020, mwenye laini ni mwenye kidole. Mnaweza kuwa na kadi ya laini mkononi, ndani ya simu ya kikundi, na bado mwenye kidole akaenda kwa wakala akasema laini imepotea, akapewa nyingine yenye namba ileile. Ya kwenu inazima palepale. Kisha anasakinisha WhatsApp, ujumbe wa uthibitisho unamfikia yeye, na wateja wanaendelea kuandika wakidhani wanaongea na mama mwenyekiti. Pigeni `*106#` kwenye laini ya kikundi mfuate maelekezo. Mtaona imesajiliwa kwa jina la nani. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuuliza kampuni ya simu kuhusu kusajili laini kwa nyaraka za taasisi. Kama bado hamjafika huko, laini iwe kwa kidole cha mweka hazina, iandikwe kwenye muhtasari kwamba ni ya kikundi, na akimaliza muda wake waende wote wawili kwa wakala kuihamisha.

Kwenye WhatsApp wekeni pia ile namba ya siri ya tarakimu 6 ya uthibitishaji wa hatua mbili. Mtu akiichukua namba yenu bila kuijua tarakimu hiyo, WhatsApp humzuia kwa siku 7, na siku 7 zinatosha kwenda kwa kampuni ya simu. Na kundi la wateja la WhatsApp lifunguliwe na mwenyekiti mwenyewe kwa simu yake. Aliyelianzisha kundi hawezi kutolewa na admini wengine. Mkimwachia kijana alianzishe, mtamkuta ndani hata baada ya kumlipa na kumuaga, na njia pekee itakuwa kufungua kundi jipya na kubembeleza watu wahame.

Nenosiri la barua pepe ya kikundi na ile tarakimu ya WhatsApp viandikwe kwenye karatasi, karatasi iingie kwenye bahasha, bahasha ifungwe kwa gundi na kusainiwa juu ya mfuniko, iingie ndani ya sanduku la akiba. Hapo sasa ndipo kufuli tatu zinapofanya kazi niliyoitaka mwanzo. Anayetaka kuisoma lazima awakute wote watatu, na kila mtu kwenye kikao ataona bahasha imeshafunguliwa. Nenosiri la akaunti binafsi ya kiongozi lisiingie humo, hilo ni lake na mume wake asilijue. Ila kila mmoja wa wale wawili awashe uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti yake ya Facebook, na zile namba 10 za akiba anazopewa azinakili kwa mkono azifiche nyumbani, siyo apige picha ya kioo na kuiacha ndani ya simu hiyohiyo.

Nirudi kwa yule kijana, kwa sababu sijawaambia kwa nini alifanya hivyo.

Alikuwa anadai mishahara ya miezi miwili. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, shilingi 120,000 kwa mwezi, na kikundi kilikuwa kimesema kitamlipa mauzo yakitengemaa. Alipopata kibarua kwa mkandarasi mmoja wa mgodini aliaga Ijumaa, akaambiwa aje wiki ijayo wazungumze. Akaona wiki ijayo haitakuja. Ukurasa ndio kitu pekee alichokuwa nacho mkononi. Simtetei kwa kubadili namba na kupokea hela ya mteja, hilo ni kosa na alilijua. Lakini nimekaa kwenye mabishano ya namna hii mara kadhaa sasa, na karibu kila mara kuna deni chini yake. Kikundi kinachosubiri mtu aondoke ndipo kifikirie kumlipa kinamfundisha kushika kitu.

Tulijaribu Facebook kwanza. Upo utaratibu wa kulalamika pale mtu aliyeondoka anaposhikilia ukurasa. Wanataka kitambulisho cha anayelalamika na maelezo yaliyosainiwa ya uhusiano wake na ukurasa, uhusiano wa yule anayetakiwa kutolewa, pamoja na nyaraka za kuthibitisha: mkataba wa kazi, barua ya kuachana, taarifa ya polisi. Mama mwenyekiti alikuwa na cheti cha usajili wa kikundi tu, na jina la kwenye cheti halikufanana na jina la ukurasa, kwa kuwa ukurasa uliitwa kwa jina la unga. Hakukuwa na mkataba. Hakukuwa na kipande cha karatasi kinachosema kijana aliwahi kuwa mfanyakazi wao. Tulituma tulichonacho. Baada ya wiki tatu bila jibu la maana tukaacha kusubiri.

Mtu mmoja alipendekeza tumfungulie kesi, na njia hiyo ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa kuingia kwenye mfumo bila ruhusa, na pia kubaki ndani baada ya ruhusa kuisha. Lakini swali la kwanza la askari lingekuwa lilelile la Facebook: ruhusa yenu mliiandika wapi, na mliiondoa lini? Hata kesi za mbali zimekwama hapo. Kampuni ya Marekani iitwayo PhoneDog ilimshtaki mfanyakazi wake wa zamani mwaka 2011 kwa kuondoka na akaunti ya Twitter yenye wafuasi wapatao 17,000. Ilipiga hesabu ya dola 2.50 kwa kila mfuasi kwa mwezi, kwa miezi 8, ikafika dola 340,000. Kesi iliisha kwa kupatana mwishoni mwa 2012, bila hukumu ya kusema akaunti ilikuwa ya nani. Kampuni yenye mawakili ilishindwa kupata jibu ambalo karatasi ya ukurasa mmoja ingelitoa siku ya kwanza ya kazi.

Kilichotusaidia ni kikao. Tulikaa nyumbani kwa mjomba wa kijana, mwenyekiti, mweka hazina, mzee mmoja na mimi. Kijana alisema deni lake, mweka hazina alilikubali, hela ya mteja ikakatwa humohumo na mteja akatumiwa unga wake. Alipewa kilichobaki, akatoa simu yake, akamrudisha mwenyekiti kwa mamlaka kamili, kisha mweka hazina, halafu mwenyekiti akamtoa yeye, mbele yetu, kwa kidole kilichokuwa kinatetemeka. Muda wote tangu ile simu ya asubuhi ulikuwa siku 37. Wateja wawili wakubwa wa Mwanza walikuwa wameshapata unga kwa mtu mwingine, na hawajarudi.

Siku ya mtu kuondoka, basi, fuateni mpangilio huu. Mlipeni kwanza, chote, na asaini. Akiwa bado amekaa, mtoeni kwenye Page access na kwenye boma. Fungueni WhatsApp ya kikundi, sehemu ya Linked devices, mkate kila kompyuta msiyoijua, kwa sababu kuondoka kwake hakuizimi ile aliyoiunganisha. Badilisheni nenosiri la barua pepe, kisha mwangalie namba ya urejeshaji iliyoandikwa ndani yake. Hii ya mwisho ndiyo husahaulika, na mtu aliyebaki kwenye namba ya urejeshaji anarudi ndani baada ya mwezi bila kubisha hodi. Msifanye haya kwa kumvizia. Anayeambiwa tangu siku ya kuajiriwa kwamba siku ya mwisho itakuwa hivi haoni aibu. Na msidhani jambo hili ni la wanakijiji wasiojua mitandao: tarehe 2 Novemba 2017, mtu wa mkataba aliyekuwa akifanya siku yake ya mwisho ndani ya kampuni ya Twitter yenyewe aliizima akaunti ya rais wa Marekani, ikapotea kwa dakika 11. Walikuwa hawajamwondolea uwezo.

Karatasi niliyoitaja haina haja ya mwanasheria. Vikundi vyenu vina katiba, na vilivyowahi kuomba mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri vimeshapeleka katiba hiyo kwa afisa maendeleo ya jamii. Ongezeni kifungu kimoja: kwamba ukurasa, majina yake yote kama yalivyo kwenye kioo, namba ya simu, barua pepe na orodha ya wateja ni mali ya kikundi, kwamba mamlaka kamili wanashika viongozi wawili kwa vyeo vyao, na wakibadilishwa kwenye uchaguzi mamlaka yanahamishwa siku hiyohiyo, kwamba anayeposti analipwa kiasi fulani tarehe fulani. Andikeni jina la ukurasa lilelile mnalolitumia, hata kama ni jina la unga na siyo la cheti. Kisha mkataba wa kijana uwe nusu ukurasa, usainiwe na pande mbili, nakala moja aishike yeye.

Ombi langu kwenu ni ajenda moja kwenye kikao kijacho. Njooni na simu zenu zikiwa na chaji na bando. Mfungue Page access mbele ya wanachama, katibu asome majina kwa sauti na kuyaandika kwenye muhtasari pamoja na uwezo wa kila mmoja. Kisha mpige `*106#`. Kwa kila kikundi nilichowahi kukishauri kiweke watu watatu wenye mamlaka kamili, nitafika mwenyewe kurekebisha, bila malipo. Niachieni ujumbe kwa mtendaji wa kijiji mkisema siku ya kikao chenu.

Wenu,
Mtunza kurasa, Nyamongo